Pesa za gemu hazilingani na bajeti: kutafuta kosa kwenye historia ya manunuzi

Kwenye kibanda changu cha simu hapa Kongowea watu huja na vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Lakini mwisho wa mwezi huja pia na swali lisilohitaji bisibisi: "Nilijiwekea mia sita ya gemu, mbona imetoka zaidi?" Mara nyingi jibu limo ndani ya simu yenyewe, kwenye historia ya manunuzi ya duka la programu. Kazi ni kujua pa kuangalia, na kujua ni nini ambacho historia hiyo haiwezi kukuonyesha.

Nitaanza na Android kwa sababu ndiyo simu ya wateja wangu wengi. Wenye iPhone wana sehemu yao mbele.

Kabla ya yote: fungua ukurasa wenyewe

Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Budget & history`. Hapo utakuta orodha ya ulivyonunua, cha karibuni kikiwa juu. Kila mstari una jina la kitu, tarehe na bei. Kwa kawaida jina la kitu hufuatwa na jina la gemu, kwa hiyo kama una gemu tatu unaweza kuona kila moja imekula kiasi gani.

Chukua daftari la shule, lile la kurasa 32 linatosha. Piga mistari ya safu nne: tarehe, kitu, njia ya malipo, bei. Nakili mwezi mmoja tu, kuanzia tarehe 1 hadi mwisho. Usikadirie, na usiruke vile vya shilingi hamsini. Shida nyingi ninazozieleza hapa huanza kuonekana kabla hujamaliza kunakili.

Dalili ya 1: Historia inaonyesha kidogo kuliko pesa iliyotoka mfukoni

Sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi ni akaunti. Historia ya Play Store ni ya akaunti moja ya Google, si ya simu. Simu nyingi zina akaunti mbili: ile aliyofunguliwa mtu dukani siku aliponunua simu, na ile aliyofungua mwenyewe baadaye alipoisahau ya kwanza. Gemu linaweza kuwa liliwekwa kwa akaunti ya kwanza na bado linalipiwa kupitia hiyo, huku wewe ukiangalia historia ya akaunti ya pili na kuona karatasi nyeupe. Gusa picha yako tena, kisha kimshale kilicho kando ya anwani yako ya barua pepe, uone kama kuna akaunti nyingine. Ikiwepo, hamia huko ufungue `Budget & history` upya. Daftarini mtazijumlisha zote mbili, kwa sababu bajeti ni yako wewe, si ya anwani.

Sababu ya pili ni manunuzi yaliyofanyika nje ya duka. Mtaani kwetu kuna vijana wanaojazia watu almasi na koini: unampa namba yako ya mchezaji na shilingi mia mkononi, na baada ya dakika chache koini zimeingia. Kuna pia tovuti za kujaza ambazo hulipwa moja kwa moja bila kupitia Play Store. Malipo ya namna hii hayataonekana kwenye historia ya duka hata uitazame mwaka mzima, kwa kuwa duka halikuuza chochote. Ushahidi wake uko kwenye ujumbe wa M-Pesa, au, kama ulilipa taslimu, kichwani mwako tu. Ndiyo maana nasisitiza: ukilipa taslimu, andika daftarini pale pale, kabla hujalifungua gemu kutazama koini.

Sababu ya tatu, ambayo ni nadra, ni akaunti ya mtu mwingine. Umemwazima mpwa wako simu, akaingiza akaunti yake, kadi yako ikawekwa kwenye akaunti hiyo na ikabaki humo. Au mko kwenye kikundi cha familia cha Google, ambako mkuu wa familia ndiye anayelipia kwa njia ya malipo ya familia, na risiti humfuata yeye kwa barua pepe. Hapo muulize mkuu huyo kabla ya kumshuku mtu.

Ukishaangalia hayo matatu na pesa bado hazijulikani zilikokwenda, tafuta risiti kwenye Gmail. Play Store hutuma risiti kwa kila ununuzi. Andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia, ukibadilisha tarehe:

```
from:googleplay-noreply@google.com after:2025/07/31 before:2025/09/02
```

Mfano huo ni wa Agosti 2025. Nimeongeza siku moja kila upande kwa makusudi, kwa sababu mpaka wa siku kwenye utafutaji huo si lazima uwe usiku wa manane wa Mombasa. Afadhali upate risiti mbili za ziada uzitupe kwa jicho, kuliko kukosa ile uliyonunua saa saba za usiku.

Dalili ya 2: Historia inaonyesha zaidi ya unavyokumbuka

Hapa kinachofanya kazi zaidi ni kumbukumbu, na kumbukumbu ya mchezaji huhifadhi manunuzi makubwa. Mtu atakumbuka kifurushi cha shilingi mia tano alichonunua sikukuu. Vile vidogo vya shilingi sabini alivyovinunua amekaa kwenye foleni ya feri Likoni hatavikumbuka, na ndivyo vilivyo vingi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni dogo: hesabu mistari kabla ya kuhesabu shilingi. Ukiona mistari 14 wakati kichwani ulikuwa na minne, umeshapata jibu.

Sababu ya pili ndiyo inayowachanganya watu wengi, hata wale makini: usajili wa kila wiki. Magemu mengi siku hizi yana uanachama wa wiki unaojilipia wenyewe. Mtu huzidisha bei kwa nne, akasema mwezi una wiki nne, akaweka bajeti yake hapo. Lakini mwezi una siku 28 kwa Februari tu, na miezi mingine ina ziada. Siku ya malipo yako ikiangukia mara tano ndani ya mwezi, utalipa mara tano.

Tuchukue usajili wa shilingi 130 unaolipwa Ijumaa. Mwaka 2025 Ijumaa zilikuwa tano katika Januari, Mei, Agosti na Oktoba. Miezi hiyo minne utalipa shilingi 650, na minane iliyobaki utalipa 520. Ukitaka bei ya kweli ya mwezi, zidisha bei ya wiki kwa 52 kisha gawanya kwa 12: shilingi 6,760 kwa mwaka, yaani karibu 563 kwa mwezi. Hiyo 563 ndiyo namba ya kuweka kwenye bajeti, si 520.

Utajuaje kwamba mstari fulani ni usajili uliojirudia, na si ununuzi mpya ulioufanya kwa kidole chako? Fungua risiti na utazame namba ya oda. Oda za Play Store huanza na GPA. Malipo ya kwanza ya usajili huwa na namba tupu, na kila yanapojirudia namba hiyo hiyo huongezewa nukta mbili na tarakimu:

```
GPA.1234-5678-9012-34567
GPA.1234-5678-9012-34567..0
GPA.1234-5678-9012-34567..1
```

Ya kwanza ndiyo siku uliyojiunga. Yenye `..0` ni marudio ya kwanza, `..1` ni ya pili, na kuendelea. Ukiona mkia huo, hakuna aliyeiba simu yako usiku. Ni ahadi uliyoiweka mwenyewe inayoendelea kutimizwa. Namba ikiwa mpya kabisa kila mara, basi kuna mtu aliyegusa kitufe cha kununua.

Mtu huyo anaweza kuwa mtoto. Uliza kwa upole kwanza. Mtoto wa miaka saba hajui kwamba kile kitufe cha kijani ni pesa za unga, na ukianza kwa ukali atakuficha hata anachokijua.

Sababu ya mwisho, na ya nadra, ni mtu usiyemjua kutumia akaunti yako. Hiyo ina sehemu yake mwishoni.

Dalili ya 3: Duka linasema hivi, benki na M-Pesa zinasema vile

Hii nitaieleza kwa kisa cha mdogo wangu, kwa sababu tulikaa naye barazani jioni nzima hadi tukaimaliza.

Mdogo wangu anaendesha tuktuk ya Kisauni kwenda mjini. Hupenda gemu la mpira, hucheza akisubiri abiria. Alijiwekea shilingi 600 kwa mwezi, na kwa kweli ni mtu wa mpango. Julai alimaliza na 590: Ijumaa nne za shilingi 130 ni 520, akaongeza kifurushi kimoja cha 70. Agosti akaniambia, "Kaka, nimezidisha sitini tu. Nimeangalia benki, nimeangalia M-Pesa, jumla mia sita na sitini." Lakini Play Store ilikuwa ikimwonyesha namba kubwa zaidi, naye alikuwa ameshaamini kwamba duka linamwibia.

Nikamwambia alete daftari. Usajili wake unalipwa kwa kadi ya benki, na vifurushi vidogo hulipa kwa M-Pesa. Tukanakili historia ya Play Store ya Agosti mstari kwa mstari:

Tarehe 1, usajili, kadi, 130.
Tarehe 8, usajili, kadi, 130.
Tarehe 9, kifurushi, M-Pesa, 70.
Tarehe 15, usajili, kadi, 130.
Tarehe 16, kifurushi, M-Pesa, 70.
Tarehe 22, usajili, kadi, 130.
Tarehe 23, kifurushi, M-Pesa, 70, kisha kikarudishwa.
Tarehe 29, usajili, kadi, 130.

Usajili mara tano ni 650. Vifurushi vitatu ni 210. Jumla 860. Kile cha tarehe 23 alikigusa kwa bahati mbaya, akaomba arudishiwe siku hiyo hiyo, na pesa ikarudi, kwa hiyo tunatoa 70. Inabaki 790.

Sasa tukafungua taarifa ya benki ya Agosti. Malipo ya gemu yalikuwa manne, si matano: shilingi 520. M-Pesa ilionyesha 210 zimetoka na 70 zimerudi, yaani 140. Ukijumlisha 520 na 140 unapata ile 660 yake. Hesabu yake ya kujumlisha haikuwa na kosa hata moja. Tofauti kati ya 790 na 660 ni 130, na 130 ni bei ya wiki moja kamili.

Tofauti ikiwa sawasawa na bei ya kitu kimoja, usitafute mwizi, tafuta tarehe. Agosti 29 ilikuwa Ijumaa. Duka liliandika ununuzi siku hiyo hiyo. Benki ikaingiza malipo yale Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa Septemba 1. Kwenye taarifa ya benki, wiki ya mwisho ya Agosti ilikuwa imehamia Septemba. Tulipofungua taarifa ya Septemba tukaikuta mstari wa kwanza kabisa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ningeilipia Septemba bila kujua."

Ndivyo ingekuwa. Angeanza Septemba akidhani ana 600 zote, benki ikamtolea 130 za mwezi uliopita, na mwisho wa mwezi angekuja tena na lalamiko lile lile.

Halafu, tukiwa tunafunga daftari, akakumbuka kwamba tarehe 17 alimpa kijana wa mtaani shilingi 100 taslimu amjazie koini. Hiyo haikuwa dukani, wala benki, wala M-Pesa. Agosti yake ya kweli ilikuwa 890, imepita bajeti kwa 290.

Kwa hiyo dalili hii ikikupata, fuata mpangilio huu. Kwanza chagua tarehe moja ya kufanyia hesabu, na iwe ya ununuzi kama duka linavyoiandika, si ya benki. Pili, toa vilivyorudishwa, lakini hakikisha pesa zimerudi kweli kwenye njia uliyolipia kabla ya kuzifuta daftarini. Neno kwamba zimerudishwa huonekana dukani kabla shilingi hazijafika. Tatu, tazama kama tofauti inalingana na bei ya kitu kimoja au viwili. Nne, ongeza vya nje ya duka. Taarifa kamili ya M-Pesa unaweza kuiomba kwa `*334#` au kupitia programu ya M-PESA, na ni rahisi kuisoma kuliko kupekua ujumbe mmoja mmoja.

Anayependa kompyuta kuliko daftari anaweza kuweka safu zile zile nne kwenye Google Sheets, tarehe ikiwa safu A na bei safu D, na vilivyorudishwa aviandike kwa alama ya kutoa. Jumla ya Agosti itapatikana hivi:

```
=SUMIFS(D:D,A:A,">="&DATE(2025,8,1),A:A,"<"&DATE(2025,9,1))
```

Jibu likija sifuri wakati umejaza mistari, tarehe zako zimeingia kama maneno. Ziandike upya kwa mtindo wa 2025-08-29 na zitakubali.

Dalili ya 4: Nimeweka bajeti Play Store, lakini bado inaniruhusu kununua

Kwenye `Budget & history` kuna `Set budget`. Unaandika kiasi cha mwezi, unahifadhi, na duka linakuonyesha umefika wapi. Watu wengi wakishaiweka hudhani wamefunga mlango. Hawajafunga. Bajeti ya Play Store hukutahadharisha tu unapokaribia kiasi chako. Shilingi ya 601 itapita kama ilivyopita ya kwanza. Simu haijaharibika, ndivyo ilivyotengenezwa. Tena inahesabu vya akaunti ile moja tu, kwa hiyo zile 100 za taslimu za mdogo wangu haizijui.

Hata hivyo nashauri uiweke, na uiweke chini ya bajeti yako halisi. Kama kikomo chako ni 600 na kila mwezi unajaziwa koini za 100 mtaani, andika 500.

Ukitaka kizuizi cha kweli, kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kudai uthibitisho: picha yako, `Settings`, kisha `Purchase verification`, kwenye matoleo ya zamani jambo hilo liko chini ya `Authentication`. Chagua uthibitisho kwa kila ununuzi. Chaguo la kila baada ya dakika 30 halinipendezi hata kidogo, kwa sababu nusu saa baada ya ununuzi wa kwanza ndiyo nusu saa ambayo mtu ameshapata moto wa kucheza, au ambayo mtoto ameshapewa simu. Na kama alama ya kidole ya mtoto imesajiliwa kwenye simu, uthibitisho wa kidole haumzuii. Ifute kwanza kwenye mipangilio ya simu.

Ya pili ni kuondoa njia ya malipo kabisa: `Payments & subscriptions`, `Payment methods`, kisha `More payment settings`, na ukurasa utafunguka wa kuiondolea. Kila unapotaka kununua itabidi uiweke tena, na huo usumbufu ndio faida yake. Lakini angalia kwanza kama njia hiyo inalipia kitu kingine unachokihitaji, kama nafasi ya kuhifadhi picha, isije ikakatika nayo.

Dalili ya 5: Gemu nimelifuta, pesa bado zinatoka

Sababu ni moja karibu kila mara: kufuta gemu hakufuti usajili. Ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`, gusa jina la gemu na uusitishe hapo. Utaendelea kuutumia hadi muda uliolipia uishe, kwa hiyo hupotezi kitu kwa kusitisha mapema. Sitisha Jumamosi, usingoje Alhamisi usiku. Usipouona usajili kwenye orodha hiyo, rudi kwenye Dalili ya 1: huenda uko kwenye akaunti nyingine.

Wenye iPhone

Ingia `Settings`, gusa jina lako, `Media & Purchases`, `View Account`, kisha `Purchase History`. Yote niliyoyasema kuhusu wiki tano na tarehe za benki yanahusu huku pia. Tofauti kubwa ni kwamba Apple huweza kukusanya manunuzi kadhaa na kuyatoza kwa pamoja. Benki ikionyesha 340 na hukumbuki kitu cha 340, jumlisha vidogo vya siku hizo kabla ya kusema umeibiwa. Maombi ya kurudishiwa hufanywa kwenye `reportaproblem.apple.com`.

Simama hapa, usiendelee mwenyewe

Kuna hali ambazo si za daftari tena.

Ukiona oda za namba mpya, zisizo na mkia wa marudio, na hakuna mtu nyumbani anayezijua, acha kuhesabu. Badilisha nywila ya akaunti ya Google saa hiyo hiyo, pigia benki iifunge kadi, kisha ripoti kwa Google kama ununuzi usioidhinishwa. Una siku 120 tangu siku ya ununuzi, lakini usizimalize. Kama pesa zimetoka M-Pesa, piga 100 uzungumze na mhudumu. Usianze kwa kufuta risiti au kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Utakuwa umefuta ushahidi wako.

Ukinunua kitu kwa bahati mbaya, kama mdogo wangu, omba kurudishiwa kupitia Google ndani ya saa 48. Zikipita, njia ni kumwandikia mwenye gemu, na hapo uamuzi ni wake. Usiombe kurudishiwa kitu ambacho umeshakitumia ukitegemea hawatajua. Mwenye gemu huweza kukufungia akaunti, na miaka yako yote ya kucheza ikaenda nayo.

Mtu akikupigia au kukuandikia kwamba anaweza kukurudishia pesa za gemu kwa ada, au akakuomba namba ya siri ya M-Pesa au ile namba ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe, kata simu. Mteja wangu mmoja, mama anayeuza viazi karai, alikuja kunitaka nimsaidie kutafuta shilingi 350 za gemu la mwanawe. Zile 350 tulizikuta kwenye historia kwa dakika tano. Zilizompotea hasa zilikuwa 2,000 alizomtumia mtu aliyejiita mhudumu, na hizo hazikuwa kwenye historia ya duka lolote. Nilimpeleka kituo cha polisi yeye pamoja na ujumbe wote aliotumiwa.